Urithi wa shangazi kutoka Uingereza, benki itaulizia nini?

Mama_Kayole: Wasee naombeni ushauri. Shangazi yangu alikuwa nesi Manchester, alituacha mwaka jana, sasa wakili wa huko ameniandikia eti nimeachiwa pauni 62,000. Mimi nina akaunti ya shilingi tu hapa taoni, kubwa ambayo imewahi kuingia ni mshahara. Zikitua zote mara moja si benki itanishika? Na KRA watakata ngapi?

Otis_wa_Umoja: Uingereza wanakata 40% ya urithi dada, hesabu zako zianzie hapo.

Karani_Mstaafu: Otis, hiyo 40% ipo lakini inaanza kwa mali iliyozidi pauni 325,000, na inatolewa kwenye mali ya marehemu kabla ya kugawa. Kwa kawaida anachotuma wakili ni baada ya kodi. Huku kwetu kodi ya urithi iliondolewa 1982, hizo pesa zenyewe si mapato. Ukiziweka fiksi, ile riba ndiyo inakatwa 15%.
Mama, kazi yako ni makaratasi, na yapeleke KABLA pesa hazijatumwa. Nimekaa kaunta miaka mingi, pesa ikifika bila maelezo tunaishikilia na mwenyewe anaanza kukimbizana na wakili kwa simu. Beba kopi ya wosia, ile karatasi ya mahakama ya huko inayoruhusu mali kugawanywa, barua ya wakili yenye jina lako kama lilivyo kwa kitambulisho, na pini ya KRA. Hata herufi moja ya jina ikikosana mtasumbuana.
Halafu fungua akaunti ya pauni. Ukipokea kwa ya shilingi zitabadilishwa kwa reti ya siku hiyo bila kukuuliza. Tofauti ya shilingi 3 tu kwa pauni ni 186,000 zimeenda. Kiasi kama hicho unaomba wakupe reti yako, wanaipandisha kidogo.

Njeri254: Mimi broo alinitumia za ploti kutoka Doha wakanizungusha wiki mbili, nikaambiwa nilete hadi payslipu yake 😩

Karani_Mstaafu: Hiyo ni zawadi Njeri, waliulizia mapato yake yeye. Tofauti kidogo.

Mama_Kayole: Asante mzee. Wakili anasema nitume pauni 400 kwanza za kufungua faili ndio anitumie. Ni kawaida?

Karani_Mstaafu: SIMAMA HAPO. Gharama za wakili hukatwa kwenye mali ya marehemu. Usitume hata senti. Tafuta jina lake kwa rejista ya Solicitors Regulation Authority, upige namba iliyo kwa rejista, si ile ya barua pepe. Wosia ukishapitia mahakama ya huko mtu yeyote anaweza kuagiza kopi, agiza uone kama jina lako limo.

Otis_wa_Umoja: Kwani shangazi alikuwa na watoto?

Mama_Kayole: Mmoja, hatuongei. Ngoja nimtafute leo.