Tupeane uzoefu: jibu la otomatiki la likizo kwa Kifaransa, siku ya kurudi na mtu wa kumwandikia

MamaKontena_Dar:
Habari za jioni wadau. Niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi wako Bujumbura na Lubumbashi, na wananiandikia kwa Kifaransa. Changu ni cha kujifunzia ukubwani. Agosti 2025 nilichukua likizo ya wiki mbili nikaweka jibu hili kwenye baruapepe:

```
Je suis en congé jusqu'au lundi 18 août.
En cas d'urgence, contactez ma collègue.
```

Nilimaanisha kwamba Jumatatu tarehe 18 niko mezani. Mteja mmoja wa Bujumbura akaelewa kwamba hata Jumatatu hiyo ni ya likizo, akangoja hadi Jumanne ndipo atume ankara iliyosahihishwa. Mwingine alikuwa na swali tangu wiki ya kwanza, lakini hakumwandikia mwenzangu. Alinieleza baadaye kwamba aliona jambo lake si la dharura. Kontena lake likakaa bandarini linahesabiwa storeji. Niliumia sana, maana mzigo ulikuwa wa mtu anayeanza biashara.

Naomba kila aliyewahi kuandika jibu la namna hii aseme aliandika nini na wateja walielewaje.

Karani_Buja:
Pole dada. Mimi niko Bujumbura, barua za ofisi kwa Kifaransa nimeziandika zaidi ya miaka 20, na hilo la "jusqu'au" limewahi kunikuta mwenyewe.

Neno hilo lina tatizo lile lile la "hadi" yetu. Ukisema uko safarini hadi Jumatatu, mmoja atakutafuta Jumatatu na mwingine Jumanne, na wote wawili wana haki. Wazoefu wa Kifaransa huongeza "inclus" baada ya siku ya mwisho, maana yake siku hiyo nayo imo ndani. Kisha siku ya kurudi wanaiandikia sentensi yake peke yake. Msomaji akiona Ijumaa 15 ndiyo ya mwisho na Jumatatu 18 ndiyo ya kurudi, hana tena cha kukisia. Huku kwetu 15 Agosti ni sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, kwa hiyo mteja wako asingekutafuta siku hiyo. Jumatatu asubuhi ndiyo angekutafuta kwanza, na ndiyo siku uliyoiacha gizani.

Taja na jina la siku, usiishie kwenye namba. Ukikosea tarehe kwa kidole, jina la siku litakataa kulingana nayo, na msomaji atashtuka aulize.

Mimi ningeandika hivi:

```
Bonjour,

Je suis absente du lundi 4 au vendredi 15 août inclus.
Je serai de retour le lundi 18 août.

Pour tout dossier en cours, merci d'écrire à ma collègue
du service des expéditions : expeditions@example.com

Cordialement,
```

Angalia nilivyoliondoa "en cas d'urgence". Ukimwambia mtu aandike ikiwa kuna dharura, umemwachia yeye apime, na mtu mstaarabu atajipima chini. "Pour tout dossier en cours" inamwambia kwamba faili lolote linaloendelea lina mtu wa kulishughulikia, hahitaji kujiona anasumbua.

Kipchumba_Nbi:
Mimi nafanya kazi na shirika lenye ofisi Kigali na Goma. Mbona mnajisumbua na majina ya siku? Weka tarehe kwa namba, 04/08 hadi 15/08, kila mtu anasoma namba. Na kwa kurudi mimi huandika "je retournerai au bureau le 18". Halafu msiweke "je reviendrai vers vous", mimi niliacha kuitumia kwa sababu inamwahidi mteja kwamba utakuja ofisini kwake.

Karani_Buja:
Ndugu yangu, hilo la mwisho hapana. "Revenir vers vous" kwenye barua za kazi ni kukujibu tu, ni kama kusema nitakurudia na jibu. Hakuna atakayekuandalia chai. "Je retournerai au bureau" inaeleweka, ila "je serai de retour" ndiyo mtu wa lugha hiyo anayoiandika bila kufikiri.

Fundisho_Montréal:
Kwenye namba naomba nipinge. Naishi Montréal na nina wateja wa Kifaransa na wa Kiingereza kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja niliandika narudi 07/08. Mfaransa wa Paris akasoma 7 Agosti, kama nilivyotaka. Mteja wa Marekani akasoma 8 Julai, akaniandikia mara tatu akishangaa kwa nini nimerudi na sijibu. Huku Kebeki tarehe ya namba tupu huanza na mwaka, 2025-08-07, kwa hiyo nilikuwa na wasomaji wa aina tatu na namba moja. Tangu hapo naandika "le jeudi 7 août", mwezi kwa herufi na kwa herufi ndogo, maana Kifaransa hakiukuzi mwezi kama Kiingereza. Ikiwa ni tarehe moja, ni "1er septembre", zinazofuata ni namba ya kawaida.

Msishangae mkiona mtu wa huku ameandika "inclusivement" badala ya "inclus", au "courriel" pale Mfaransa anaposema "mail". Yote yanaeleweka pande zote mbili.

Neema_wa_Singida:
Samahani, nimeona mnazungumzia likizo kwa Kifaransa. Nimepata kazi kwenye ubalozi mmoja na natakiwa kuandika barua ya kuomba likizo. Hii ya juu inafaa?

MamaKontena_Dar:
Mdogo wangu, hongera ya kazi. Hii ni ya kumjibu anayekuandikia wakati haupo. Ya kuomba likizo inaelekezwa kwa mkuu wako na ina adabu zake nyingine. Fungua uzi wake, tutakuja kukusaidia.

Ya_Katanga:
Jambo wote. Miye niko Lubumbashi, upande wa wanaopokea hayo majibu. Mizigo yetu inapita Dar, kwa hiyo ninayasoma mengi.

Niwaambie ile iliyonichosha. Nilimwandikia wakala mmoja, jibu likaniambia niandikie mwenzake. Nikamwandikia mwenzake, naye jibu lake la otomatiki likanirudisha kwa yule wa kwanza. Wote wawili walikuwa likizo wiki moja, na kila mmoja alimtaja mwenzake bila kumuuliza. Siku nne nilikuwa nazunguka kati ya hao wawili. Mliye huko, kabla hamjaandika jina la mtu, muulizeni yuko kazini tarehe zote hizo? Na msisahau sikukuu zenu. Tarehe 8 Agosti nilipiga simu Dar hakuna aliyepokea, baadaye nikaambiwa ni Nane Nane. Kongo hatuna hiyo siku, sikujua.

Jambo la pili ni simu. Wengi wanaweka namba inayoanza na sifuri, kama wanavyoiandika nyumbani kwao. Kutoka Lubumbashi haifiki popote. Andika +255, toa ile sifuri, endelea.

Babu_wa_Meru:
Mimi ni wakala wa utalii Arusha, nawapokea Wafaransa wanaopanda Mlima Meru na Kilimanjaro. Kosa langu halikuwa la siku, lilikuwa la saa. Nilikuwa kwenye mafunzo mchana kutwa nikaweka kwamba nitapatikana tena "à partir de 8 heures". Kichwani mwangu ilikuwa saa nane mchana. Kifaransa hakihesabu saa kutoka macheo kama sisi, 8 heures ni saa mbili asubuhi. Wageni wakapiga simu asubuhi nzima, wakadhani tumewatapeli malipo ya awali. Nilipaswa kuandika "14 heures". Sasa naongeza na "heure de Tanzanie", kwa sababu wakati wa majira yao ya joto tunawazidi Wafaransa saa moja, na majira ya baridi saa mbili.

Kipchumba_Nbi:
Kwenye tarehe nimeelewa, nitabadilisha. Lakini kuna mtu amewahi kuona mteja mmoja akipokea jibu lile lile kila anapoandika? Bosi wangu anakataa tusiweke jibu la otomatiki akisema linawachosha wateja.

Fundisho_Montréal:
Outlook ya ofisini humjibu mtu mmoja mara moja tu, mpaka ulizime na kuliwasha upya. Gmail humrudia mtu yule yule ikiwa ameandika tena baada ya siku nne. Mwambie bosi hivyo. Outlook pia inakupa sehemu mbili, moja ya watu wa ndani ya ofisi na moja ya watu wa nje. Kifaransa kiweke kwenye ile ya nje. Niliwahi kuijaza ya ndani peke yake, wateja wakawa hawapati chochote wiki nzima, nami nikidhani kila kitu kinakwenda.

Karani_Buja:
Na hiyo ya nje usiweke simu yako binafsi. Inamfikia yeyote anayekuandikia, hata usiyemjua.

MamaKontena_Dar:
Asanteni sana. Nimeiandika upya kwa likizo ya Desemba. Nimeangalia kalenda: Desemba 2025, tarehe 22 ni Jumatatu, na 2 Januari 2026 ni Ijumaa. Nimemuuliza mwenzangu kwanza, atakuwepo ila siku za sikukuu zenyewe. Imekuwa hivi:

```
Bonjour,

Je suis absente du lundi 22 décembre 2025
au vendredi 2 janvier 2026 inclus.
Je serai de retour le lundi 5 janvier 2026.

Pour tout dossier en cours, merci d'écrire à ma collègue :
expeditions@example.com
Nos bureaux sont fermés les 25 et 26 décembre
et le 1er janvier.

Cordialement,
```

Mwaka nimeuweka pande zote kwa sababu likizo inavuka mwaka. Nimejitumia ujumbe kutoka kwenye anwani yangu ya nyumbani, jibu likaja. Nikabadilisha sentensi moja nikajitumia tena, halikuja kitu, nikahangaika nusu saa kabla ya kukumbuka alilosema Fundisho. Nikalizima, nikaliwasha, likaja.

Karani, moja bado inanisumbua. Mkuu wangu anataka tuanze na "Madame, Monsieur" badala ya "Bonjour", anasema wateja wa Bujumbura ni watu wazima.

Karani_Buja:
Ofisini kwetu wenyewe hatujakubaliana, dada. Mimi huandika "Bonjour" na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Mkuu wangu huandika "Madame, Monsieur" hata kwa jibu la mistari mitatu.

Ya_Katanga:
Miye nikipokea "Bonjour" sioni ubaya. Ninatafuta tarehe na anwani tu.