Mama anatumia glukosamini na kondroitini kwa ajili ya goti, nimpe muda gani kabla ya kusema haisaidii?

mwana_wa_kibirizi: Wakuu habarini, niko Kigoma. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, anaanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi, goti la kulia linamsumbua muda mrefu, alipigwa picha akaambiwa limeanza kusagika. Duka la dawa wakatupa vidonge vyenye glukosamini 500 mg na kondroitini 400 mg, anameza kimoja asubuhi kimoja usiku, mwezi na kitu sasa, na maumivu yakizidi anameza na diklofenaki ya kutuliza. Juzi anasema yuko fresh, wiki hii analia tena. Hela ya hizi dawa si mchezo, niendelee kununua au niache?

Babu Gungu: Usikate tamaa kijana, hiyo dawa inaotesha gegedo upya, na gegedo haioti kwa mwezi. Mpe mwaka mzima.

dada_rijali: Mie dole gumba la mguu linavimba usiku linawaka moto, hiyo glukosamini itanifaa? Au hadi goti?

tabibu_mstaafu: Dada rijali, hilo lako linanukia gauti, kapime asidi ya yuriki, usinunue hivi vidonge.
Babu, hapo kwenye kutokukata tamaa mapema uko sahihi maana ni dawa ya taratibu, lakini kwamba gegedo inaota upya hakuna aliyeonyesha, na mwaka ni kumlia mtu hela tu.
Mleta mada, kwanza dozi. Kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006 walitumia 1500 mg za glukosamini na 1200 za kondroitini kwa siku, yaani vidonge kama vyako vitatu. Mama anapata viwili, kwa hiyo hata asipopona bado hujaijaribu dawa yenyewe. Apandishe hadi vitatu, halafu miezi mitatu uhesabu kuanzia hapo. Ila kama anatumia wafarini ya kuyeyusha damu asiguse mpaka aongee na daktari wake, na kama kamba au kaa wanamletea mzio aulize kwanza, maana glukosamini nyingi inatokana na maganda yao.
Halafu kwenye utafiti huo huo, waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, kama 60 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua. Waliopewa mchanganyiko ni kama 67. Ndo maana "juzi yuko fresh" haitoshi.

mwana_wa_kibirizi: Duh! Sasa kama hata vidonge vitupu vinaleta nafuu nitajuaje?

tabibu_mstaafu: Kwa uhakika wa asilimia mia hutajua, ila utapunguza kujidanganya. Chagua kazi moja inayomuumiza kila mara, mfano kupanda kutoka mwaloni na ndoo. Jioni mtoto amuulize, sifuri haumi, kumi hauvumiliki, aandike kwenye daftari, pembeni aandike na idadi ya diklofenaki alizomeza. Wiki ya kwanza aandike kabla hajapandisha dozi. Na kipindi hicho asianzishe kitu kingine, si dawa ya kuchua wala mazoezi mapya, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Mkubaliane mapema kabisa, isiposhuka alama mbili au diklofenaki isipopungua nusu, mnaacha.

fundi_karabai: Naongezea hapo. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliwi, mama anapumzika, goti lazima litulie. Giza likirudi kazi inarudi na goti linarudi. Hiyo "juzi fresh" ukiangalia kalenda utakuta ni mbalamwezi tu! Linganisha giza na giza.

tabibu_mstaafu: Fundi umenifunga bao, hilo sikuliwaza.

mwana_wa_kibirizi: MREJESHO: wakuu miezi mitatu ya vidonge vitatu imeisha. Giza la kwanza wastani 7, diklofenaki siku tano kwa wiki. Mbalamwezi ilishuka hadi 4 nikaanza kushangilia, nikakumbuka maneno ya fundi. Giza la mwisho 6, diklofenaki siku nne. Bi mkubwa mwenyewe anasema inasaidia anataka kuendelea.

tabibu_mstaafu: Imeshuka moja tu, haijafika mliyokubaliana. Mimi ningesimamisha na daftari liendelee giza mbili zijazo. Likipanda wazi mnaweza kurudia, likibaki pale pale hela hiyo iende kwa mtu wa viungo amfundishe kuimarisha misuli ya paja, hapo ushahidi ni mzuri zaidi. Na hizo diklofenaki siku nne kwa wiki kwa umri wake zinanitisha kuliko goti, presha na figo zipimwe.

Babu Gungu: Huo utafiti wako ulikwenda wiki 24 mzee, wewe unamkatia 12. Mwache bi mkubwa afike huko.

tabibu_mstaafu: Wiki 24 kweli babu, hilo nakubali. Ila hela si yangu wala yako, mwenye mama aamue.

mwana_wa_kibirizi: Boksi lililobaki linaisha wiki ijayo, nitaongea naye.