Mkopo wa apu kununulia mzigo: faida inaishia wapi?

Mwenye Duka: Wenzangu, nauza rejareja na mtaji wangu ni mdogo. Mzigo ukiisha nakopa kwenye apu ya simu, nauza, narejesha, nakopa tena. Mauzo yapo, faida siioni. Mikopo hii inafaa kununulia mzigo au tunawafanyia kazi wakopeshaji? Tujadili.

Mzungusha Pesa: Inafaa sana. Ada ni asilimia 15, mimi napandisha asilimia 20 juu ya bei ya jumla. Ishirini toa kumi na tano, nabaki na tano, tena kwa hela ambayo sikuwa nayo. Benki inadai dhamana na makaratasi ya miezi. Apu inanipa hela nikiwa nimesimama kaunta.

Mhasibu Mstaafu: Ndugu yangu, hizo asilimia mbili hazipigwi kwenye kiasi kimoja, ndiyo maana huwezi kuzitoa hivyo. Ada inapigwa kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Faida unaipata kwenye hela iliyofika kwa muuzaji wa jumla.

Chukua mkopo wa 10,000 wenye ada ya kukatwa mbele. Inatoka 1,500, simuni inaingia 8,500. Kuitoa au kuituma kwa muuzaji wa jumla, tuseme makato 100. Umenunua mzigo wa 8,400. Ukipandisha asilimia 20 na kuuza wote, unapata 10,080. Unarejesha 10,000. Zimebaki 80, na bado hujalipa nauli ya mzigo wala mifuko ya kufungashia. Kitu kimoja kikivunjika njiani, 80 hiyo haipo tena. Na hapo nimekubali kwamba umeuza kila kitu kwa bei kamili, kwa hela taslimu, kabla ya tarehe ya marejesho.

Mzungusha Pesa: Apu yangu haikati mbele. Inanipa 10,000 kamili, nalipa 11,500.

Mhasibu Mstaafu: Hiyo ina nafuu. Toa 100 ya makato, unanunua mzigo wa 9,900, unauza 11,880, unalipa 11,500, unabaki na 380. Lakini ulitarajia 500. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe cha kukubali, soma namba mbili tu: ngapi zinaingia, na ngapi zinatoka siku ya mwisho. Asilimia inayotangazwa kwenye skrini ya kwanza haikuambii lolote kati ya hayo.

Muuza Viatu: Mimi ada siigombi sana, nagombana na muda. Viatu vinakuja kwa dazeni zenye saizi mchanganyiko. Saizi za katikati zinaondoka wiki ya kwanza. Zile ndogo kabisa na kubwa kabisa zinakaa, na faida ya dazeni nzima iko humohumo. Mkopo ni wa siku 14. Siku hiyo ikifika nusu ya mzigo bado iko rafuni, na apu haipokei viatu.

Mhasibu Mstaafu: Umegusa penyewe. Rudi kwenye mfano wa kwanza. Siku ya 14 nusu imeuzwa, una 5,040, unadaiwa 10,000. Pengo ni 4,960. Wengi wanaliziba kwa apu ya pili, nayo inakata mbele, kwa hiyo ili upate 4,960 mkononi lazima ukope kama 5,835. Baadaye ile nusu iliyobaki inauzwa vizuri kabisa, unapata 5,040 nyingine, lakini deni ni 5,835. Umepungukiwa 795 kwenye mzigo ulioisha wote bila kushusha bei hata kwa mteja mmoja.

Hali hii ndiyo inayomchanganya Mwenye Duka. Rafu inaisha, wateja wanakuja, mkopo unalipwa kwa wakati, na apu inampongeza kwa kumpandishia kiwango. Kiwango kinapanda kwa sababu amerejesha, hata kama alichorejesha ni mtaji wake mwenyewe. Dalili yake ni kwamba kila mkopo unakuwa mkubwa kuliko uliopita ilhali mzigo dukani ni uleule.

Msomaji wa Usiku: Mimi naongeza kwamba hawa watu hawana staha. Nilichelewa siku moja wakaanza kuwapigia ndugu na wateja wangu, namba wamezitoa kwenye simu yangu. Mteja mmoja hajarudi mpaka leo.

Mwenye Duka: Pole sana. Hilo linaumiza na linafaa mjadala wake peke yake. Mimi swali langu ni la yule anayelipa kwa wakati na bado hapati kitu.

Mzungusha Pesa: Mnasahau kuzungusha! Mzigo wangu unaisha kwa siku tatu. Mkopo mmoja wa siku 14 naununulia mara nne.

Mhasibu Mstaafu: Ukiweza hivyo, sina ubishi nawe. Mzigo wa 8,400 kwa asilimia 20 unazaa 1,680 kila mzunguko. Mara nne ni 6,720. Toa ada na makato, 1,600, unabaki na kama 5,120 kabla ya nauli na makato ya kila safari ya kununua. Mkopo umelipa. Ila jiulize swali moja: kabla ya kukopa, bidhaa hiyo ilikuwa inakuishia na wateja wanaondoka mikono mitupu? Kama haikuwa inaisha, mkopo haukuleta mteja hata mmoja. Umelipia ada ya mauzo ambayo mtaji wako ungeyafanya.

Mwenye Duka: Kwangu vinavyotoka haraka ndivyo vyenye faida ndogo, asilimia 8 hivi. Vyenye asilimia 30 vinakaa mwezi. Tena wateja wa vile vya haraka ndio wanaoniambia "niandikie".

Mhasibu Mstaafu: Asilimia 8 mara nne kwenye 8,400 ni 2,688. Toa 1,600, zinabaki 1,088, na humo ndimo utoe nauli za safari nne. Inawezekana, kwa hela taslimu tu. Ukianza kuandika kwenye daftari, ile mizunguko minne inakuwa miwili, na miwili haifiki hata ada. Vya mwezi mzima usivinunue kwa mkopo wa siku 14 hata faida iwe 30.

Muuza Viatu: Mimi nimehamia mali kauli. Muuzaji wa jumla ananipa mzigo, namlipa baada ya mwezi, bei ananipandishia kama asilimia 5. Hiyo naimudu.

Mzungusha Pesa: Mali kauli unapewa anachotaka kitoke kwake. Kile kinachogombaniwa anakitaka taslimu. Na mwenye duka jipya, nani atamwamini?

Muuza Viatu: Hapo kweli. Ilinichukua muda mrefu kuaminiwa.

Msomaji wa Usiku: Basi serikali ziweke kikomo cha ada, tumalize.

Mhasibu Mstaafu: Kikomo kikiwa chini sana, wa kwanza kunyimwa ni mwenye duka dogo, halafu anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani asiye na mkataba. Mimi ningeanza na kulazimisha zile namba mbili zioneshwe pamoja kabla ya kukubali.

Mzungusha Pesa: Mtu mwenye rafu tupu na wateja mlangoni atakubali tu, hata mkimwandikia kwa herufi nyekundu. Kikomo kina maana zaidi kuliko maandishi.

Mwenye Duka: Nimetoa daftari. Mkopo ulioisha juzi, nilipokea 8,500. Naanza kutenganisha mauzo ya vile vya haraka na vile vya mwezi, nitaleta namba hapa.