Mrejesho: matangazo ya nyumba, gharama kwa kila aliyekuja kuona na kwa kila ofa

Swali langu lilikuwa: "Mimi ni dalali wa nyumba. Matangazo yananiletea namba nyingi za simu, wanunuzi siwaoni. Nipime nini?"

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata ushauri wa kuhesabu tu waliofika kuona nyumba wakiwa na hela au mkopo uliokwisha kukubaliwa.

Kila tangazo nililipa bajeti sawa, tuseme 1,000. La zamani, picha kali bila bei, lilileta namba 80, lakini wenye sifa waliofika ni 5: 200 kwa mmoja, ofa hakuna. Jipya lina bei wazi na fomu inayouliza "Utalipaje, na lini?" Namba zilishuka hadi 22 (roho iliniuma), ila wenye sifa walifika 10, yaani 100 kwa mmoja, na ofa 2.

Palipogoma ni kwenye ofa. Moja imevunjika baada ya benki kuthamini nyumba chini ya bei, hivyo gharama kwa ofa iliyosimama imetoka 500 hadi 1,000. Ofa ni chache mno kuhukumia tangazo, kwa hiyo bajeti naigawa kwa kuangalia waliofika.

Aliyeshauri nibane eneo la tangazo: nilijaribu, gharama ya kila mbofyo ikapanda bila waliofika kuongezeka. Nimelirudisha lilivyokuwa.