Kilomita 40 kwa wiki, kila wiki ya nne napunguza: nitafika 2000 kwa mwaka?

Mkimbiaji_wa_Alfajiri: Wakuu, habari za leo. Programu yangu ni kilomita 40 kwa wiki: siku nne za 8, 10, 6 na 16. Kila wiki ya nne ni nyepesi, nashuka hadi 28. Nataka mwaka uishe nikiwa na kilomita 2000. Nikizidisha 40 kwa 52 napata 2080, lakini najua hizo wiki nyepesi zinakula sehemu. Zinakula kiasi gani?

Baba_Tabu: Rahisi tu, mkuu. Wiki nne zako ni 40 mara tatu na 28, jumla 148. Mwaka una miezi 12, kwa hiyo 1776. Hufiki, ongeza bidii.

Kocha Mstaafu: Baba Tabu, hiyo 148 iko sawa, ila mwezi si wiki nne. Wiki 52 ukigawa kwa nne ni mizunguko 13. Kwa hiyo 148 mara 13 ni 1924. Zimebaki kilomita 76.

Sasa ndugu yangu, usizitafute kwenye wiki nyepesi. Ukiipandisha kutoka 28 hadi 34, utazipata zote, lakini miguu itakuwa haijapumzika. Una wiki 39 za kawaida, ongeza 2 kwa kila moja. Ile siku ya 6 iwe 8, ile ndefu ya 16 usiiguse. Mzunguko unakuwa 154, na mara 13 ni 2002.

Dada Upepo: Mimi naumwa mguu mbele, chini ya goti, kila nikiongeza. Na wewe nakushauri uache, kupungua uzito hakuhitaji kilomita zote hizo.

Mkimbiaji_wa_Alfajiri: Pole sana dada, ila sikimbii kwa ajili ya uzito. Kocha, nashukuru. Swali jingine: nitajuaje katikati ya mwaka kama nimebaki nyuma?

Kocha Mstaafu: Pima mwisho wa mzunguko tu. Lengo lako ni kama 38.5 kwa wiki. Baada ya wiki tatu utakuwa na 126 wakati mstari unadai 115 na kidogo, utajiona uko mbele. Wiki ya nne ikipita unarudi palepale, 154. Wengi wakiona ile akiba imeyeyuka wanakimbia zaidi wiki ileile ya kupumzika. Tatizo kubwa ni kwamba 2002 haina nafasi ya kuugua: ukikosa wiki moja ya kawaida, 42 zimekwenda.

Baba_Tabu: Kumi na tatu, nimekubali. Lakini si aanze na 44 mapema, ajiwekee akiba?

Kocha Mstaafu: Inategemea amezoea 40 kwa muda gani. Hajatuambia.

Dada Upepo: Na huo mguu wangu je?