Mrejesho: maneno ya chini ya picha ya mjukuu wa kwanza

Swali langu: "Nimepata mjukuu wa kwanza hapa Mombasa. Niandike nini chini ya picha, furaha ionekane na huu uzee wa ghafla pia?"

Ahsanteni nyote. Nimebandika hivi:

"Mashallah, mjukuu kaingia! Jana baba, leo babu. Hata magoti yamepata habari, yameanza kulia."

Furaha imetangulia kwa sababu Instagram huonyesha mwanzo tu mpaka msomaji abonyeze. Ukianza na uzee, yasomeka kama habari za ugonjwa, na watu watakupa pole badala ya hongera. Uzee nao umebaki kwenye magoti tu. Ukiongeza mvi na miwani, mtoto anasahaulika, picha inakuwa yako wewe.

Kwenye picha, kiganja cha mtoto kimefumbata kidole cha babu chenye makunyanzi. Uso utangoja arobaini ipite. Mamake achelea kijicho, na haki yake. Tazameni pia bangili ya hospitali mkononi mwa mtoto. Mara nyingi huwa na jina la mama na namba, kwa hivyo ifunikeni kwa kanga kabla ya kupiga, au mkate picha pembeni. Uzito na saa ya kuzaliwa nimemwachia mamake, akitaka atasema.