Naomba ushauri kuhusu integrali: t = tan(x/2), nianze nayo au niiweke mwisho?

Wandugu, jambo. Hapa Bukavu ninasaidia wanafunzi wa mwaka wa sita, sehemu ya hesabu na fizikia. Kila wakiona sinus na cosinus katika sehemu, wanakimbilia t = tan(x/2). Kwa 1/(2 + cos x) ni sawa: cos x = (1−t²)/(1+t²), dx = 2dt/(1+t²), inabaki 2dt/(3+t²), basi (2/√3)·arctan(t/√3).

Lakini kutoka 0 hadi 2π, t ni 0 pande zote mbili, nao wanaandika jibu 0. Haiwezekani, maana 1/(2 + cos x) ni chanya kila mahali! Kwenye x = π, t inaruka. Nikihesabu kutoka −π hadi π, t inatoka −∞ hadi +∞, ninapata 2π/√3.

Halafu 1/(1 + sin²x): t inaleta t⁴+6t²+1 chini, wakati u = tan x inatoa du/(1+2u²) tu, kwa sababu kuweka x+π hakubadilishi kitu.

Walimu wenzangu, mnafundisha kwanza kanuni za Bioche, ama t? Na huo mruko kwenye π mnauonyeshaje ubaoni?